Namba ya Kiatu kwa Ndugu Aliye Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kibanda changu cha kushona viatu kiko Moshi, hatua chache kutoka soko la Memorial. Desemba ndugu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na ikifika Januari watu wananijia na viatu vipya kabisa, bado vina karatasi ndani, wakiniomba nivitanue. Vingi havitanuki. Dada mtu kakaa Marekani, kafanya kazi ya zamu za usiku, katoa hela yake, kabeba kiatu kwenye sanduku mpaka hapa, na kiatu hakiingii mguuni. Inaniuma kila mara, kwa sababu karibu wote hao wangeokolewa na ujumbe ulioandikwa vizuri zaidi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kibandani.

Nimwandikie nini shangazi ili asikosee?

Mwandikie urefu wa mguu wako kwa milimita. Milimita ya Moshi ni ile ile ya London, ya Minnesota na ya Guangzhou. Namba ya kiatu haiko hivyo. Ukisema "navaa 8" umesema jambo ambalo kila nchi inalisikia kivyake, na hata ndani ya nchi moja 8 ya kike si 8 ya kiume.

Namba nayo itaje, lakini kama ya kumthibitishia tu, na uiandike pamoja na herufi zinazoitangulia kwenye lebo: UK, US au EU. Namba isiyo na herufi zake usiitume kabisa.

Najua kwa nini ujumbe wetu unakuwa mfupi. Kuomba kuna aibu yake. Mtu anasalimia, anaulizia hali, halafu anachomeka "naomba kiatu namba 40" haraka haraka amalize. Lakini anayepokea ndiye anayebeba mzigo: anasimama dukani, simu mkononi, huku Tanzania ni saa nane usiku na hakuna wa kumuuliza. Ujumbe mrefu wenye vipimo unamsaidia kuliko ujumbe mfupi wenye adabu peke yake.

Nilimwambia mdogo wangu navaa 6, akaninunulia 6, na hakiingii. Tatizo ni nini?

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na viatu vya mtumba vilivyomkaa vizuri sana. Kwenye ulimi wa kiatu palisomeka UK 6. Akamwandikia mdogo wake aliyeko Marekani, "namba 6". Mdogo mtu akaingia duka la huko, ambako viatu vya kike vimepangwa kwa namba za Marekani, akachukua 6.

Nikampima yule mama: milimita 245. Kiatu cha kike cha US 6 kimekusudiwa mguu wa milimita 230 hivi. Kimepungua kwa karibu upana wa kidole gumba. Alichotakiwa kununua ni US 8, au 7.5 kutegemea mtengenezaji.

Sababu yake ni hii. Uingereza na Marekani wanapanda kwa hatua moja: theluthi moja ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi, kwa kila namba nzima. Hatua hiyo kwa asili yake ni urefu wa punje ya shayiri, nafaka hiyo hiyo inayolimwa kule Siha na Monduli. Kinachotofautiana ni pale wanapoanzia kuhesabu. Kwa viatu vya kiume Marekani iko mbele ya Uingereza kwa nusu namba hadi namba moja. Kwa vya kike iko mbele kwa namba moja na nusu hadi mbili na nusu. Uingereza yenyewe haitenganishi mwanamke na mwanamume. 6 ni 6. Marekani inatenganisha, kwa hiyo kila unapotaja namba ya huko, sema ni ya kike au ya kiume.

Mwanamke anayetaka buti la kiume, kwa sababu duka halina la kike, ashushe namba moja na nusu kutoka namba yake ya Marekani. Mwenye 8 ya kike atafute 6.5 ya kiume.

Na hizi 39, 42, 44 tunazozizoea?

Hizo ni za Ulaya, EU au EUR kwenye lebo. Hatua yake ni theluthi mbili za sentimeta, milimita 6.7 hivi. Ni fupi kuliko hatua ya Mwingereza, na hapo ndipo jedwali la kubadilisha namba linapoleta fujo. Fikiria ngazi mbili zimeegemezwa ukutani, moja ina vipago vya karibu na nyingine vya mbali. Ukisimama kwenye kipago cha ngazi ya kwanza, kando yako kwenye ngazi ya pili huenda hakuna kipago kabisa. Mtengenezaji mmoja anaamua kusogea juu, mwingine chini.

Mfano upo kwenye raba zilizojaa sokoni kwetu. Raba ya kiume ya Nike yenye EU 42 imeandikwa UK 7.5. Ya Adidas yenye EU 42 imeandikwa UK 8. Zote mbili ni US 8.5, na zote zimekusudiwa mguu wa sentimeta 26.5. Hakuna aliyekosea, kila mmoja kachagua kipago chake. Kwa hiyo jedwali la kubadilisha namba uliloliokota mtandaoni litakufikisha karibu tu, halitakufikisha mlangoni. Jedwali la kweli ni la mtengenezaji wa kiatu chenyewe, na shangazi aliyeko dukani ndiye anayeweza kulitazama.

Angalizo jingine kwa wanaosoma lebo za mitumba. Ukiona BR, hiyo ni namba ya Brazili, na iko chini ya ile ya Ulaya kwa karibu mbili. BR 40 ni kama EU 42. Nimewahi kuona kijana kaisoma hiyo 40 peke yake akaituma.

Mguu napimaje nyumbani?

Kwa karatasi, kalamu ya risasi na rula, mbele ya ukuta ulionyooka. Pima jioni, maana mguu unavimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kama kiatu utakivalia soksi, vaa soksi hizo hizo unapopima, na useme kwenye ujumbe kwamba umevaa.

Weka karatasi chini, ukingo wake ugusane na ukuta. Simama juu yake, kisigino kiguse ukuta, uzito wako wote uwe kwenye mguu huo. Mguu wa mtu aliyekaa ni mfupi kuliko wa mtu aliyesimama, na tofauti hiyo inatosha kuharibu namba. Mtu mwingine achore alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengi ni kidole gumba, lakini kuna wengi pia ambao cha pili kinakizidi, afuate kilichotangulia. Kalamu isimame wima. Ukiinama kujichorea mwenyewe, mguu unasogea na kalamu inalala chini ya kidole, unapoteza milimita tatu au nne.

Pima miguu yote miwili. Kwa watu wengi haifanani, na kiatu kinanunuliwa kwa mguu mkubwa.

Sasa kuhusu rula. Rula nyingi za shule hazianzi sifuri ukingoni. Pana nafasi tupu kabla ya alama ya sifuri. Mtu akiegemeza ukingo wa rula badala ya ile alama, kipimo kinatoka kifupi. Tepu ya fundi cherehani iliyozeeka nayo huwa imevutika. Kama huna rula ya kuaminika, tumia karatasi ya A4: urefu wake ni milimita 297 popote duniani. Isimamishe kwa urefu kutoka ukutani, chora alama ya kidole, kisha pima ile nafasi iliyobaki mbele ya alama na uitoe kwenye 297. Nafasi ndogo ni rahisi kuipima bila kukosea.

Watu wanaulizia kutuma mchoro wa mguu kwa picha ili ndugu auchapishe. Usitegemee hilo. Picha ya simu inapinda kutegemea ulivyoishika, na mashine ya kuchapisha mara nyingi inapunguza ukubwa ili picha ienee kwenye karatasi. Tuma picha ya mchoro aone umbo la mguu, lakini urefu uandike kwa tarakimu.

Nimeshapata milimita. Namba yangu naijuaje?

Hesabu ninayoitumia kibandani ni hii, kwa kiatu cha kawaida cha mtu mzima:

```
EU = 1.5 × (urefu wa mguu kwa sentimeta + 1.5)
```

Hiyo 1.5 ya ndani ya mabano ni nafasi. Kiatu hakishonwi kwa urefu wa mguu, kinashonwa juu ya kalibu, ule mguu wa mbao au plastiki wa kiwandani, na kalibu hurefushwa kidogo kupita mguu ili vidole vipate pa kwenda unapotembea. Namba ya Ulaya kwa asili yake inapima kalibu, haipimi mguu.

Tuchukue yule mama wa 245. Sentimeta 24.5 jumlisha 1.5 ni 26. Mara 1.5 unapata 39. Kwa Uingereza hiyo ni 6, au 5.5 kwa baadhi ya watengenezaji. Sasa unaona viatu vyake vya mtumba vya UK 6 vilikuwa vinasema ukweli.

Ikitoka katikati, tuseme 40.6, panda. Kiatu kilichozidi kidogo kina dawa, kilichopungua hakina.

Kwenye lebo kuna CM 26.5, na mwingine ana 265. Je, huo ndio urefu wa kiatu?

Hapana, ni urefu wa mguu ambao kiatu kimekusudiwa. Wajapani wanaandika kwa sentimeta, Wachina kwa milimita, na ipo hata kanuni ya kimataifa ya kupima namna hiyo, ISO 9407. Ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unailinganisha moja kwa moja na karatasi yako.

Tahadhari moja. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaandika kipimo cha soli ya ndani, na hicho kinapita urefu wa mguu. Akiona "sentimeta 26.5" kwenye tangazo, ndugu yako amuulize muuzaji: ni ya mguu au ya soli ya ndani? Mguu wa 265 ndani ya soli ya 265 hautembei mbali.

Naanza kazi ya upagazi mlimani. Buti nalo ni namba ile ile?

Si ile ile, na hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wa hapa Moshi wanaomba buti kuliko kiatu kingine chochote.

Kupanda hakuonyeshi kosa la namba. Kushuka ndiko kunakoonyesha. Kutoka kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, hadi geti la Mweka lililo karibu mita 1,640, unashuka zaidi ya kilomita nne za wima kwa siku mbili, na una mzigo. Kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya buti. Kama vidole vinagusa mbele, kucha ya kidole gumba inaanza kuuma siku ya kwanza, inageuka nyeusi, na baada ya wiki kadhaa inang'oka. Mpagazi mwenye kucha ya hivyo anapoteza safari inayofuata, yaani anapoteza posho.

Juu ya hayo kuna soksi nene, na mguu wenyewe unavimba kwa kutembea siku nzima. Kwa hiyo kwa buti ongeza milimita 7 hadi 10 juu ya hesabu ya kawaida. Hiyo ni namba moja ya Ulaya, au moja na nusu.

Kijana mmoja jirani yangu alikuja na karatasi yake kabla hajamwandikia shangazi yake aliyeko Minnesota. Mguu wa kushoto 262, wa kulia 265. Tunachukua 265. Hesabu ya kawaida: 26.5 jumlisha 1.5 ni 28, mara 1.5 ni 42 kamili. Na kweli raba anazovaa ni 42. Mwenyewe alikuwa anataka kuandika 42 aishie hapo. Tukaongeza milimita 7 za mlimani: 28.7 mara 1.5 ni 43, na punje kidogo juu yake. Kwa Uingereza ni 9. Kwa Marekani ni 9.5 ya kiume kwa mtengenezaji mmoja na 10 kwa mwingine.

Asipande mpaka 45 kwa kuogopa kubanwa. Buti lililozidi sana linaachia kisigino, kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na lengelenge linatoka kabla hujafika kambi ya kwanza.

Kama anayenunua ana mguu unaokaribiana na wako, mwambie afanye jaribio hili dukani. Avae buti bila kufunga kamba, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino pawe na nafasi ya kidole kimoja cha shahada kuingia. Kisha afunge kamba vizuri na asimame kwenye mteremko, maduka mengi ya vifaa vya mlimani yana kijukwaa cha mteremko kwa kazi hiyo. Vidole visiguse.

Nionyeshe basi huo ujumbe wenyewe.

Huu ndio alioutuma yule kijana, kwa ruhusa yake:

"Shikamoo shangazi. Hamjambo huko? Sisi hatujambo, bibi anakusalimia, mguu wake sasa nafuu. Shangazi, nimepata kazi ya upagazi mlimani, naanza Juni. Naomba unisaidie buti za mlimani za kiume, zinazofunika kifundo. Nimepima jioni nikiwa nimesimama: mguu wa kulia milimita 265, wa kushoto 262. Hiyo ni bila soksi, na nitavaa soksi nene. Tafuta EU 43 au UK 9. Kwa namba za huko ni US 9.5 ya kiume, ila wengine wanaiandika 10, kwa hiyo anza kuangalia EU. Zikikosekana, 43.5 ni bora kuliko 42. Mguu wangu ni mpana mbele, ukiona 2E chukua hizo. Rangi yoyote. Nimeweka akiba shilingi laki moja na nusu, nitamkabidhi bibi. Bei ikizidi hapo, niambie kwanza kabla hujanunua. Nakutumia picha ya karatasi, na picha ya lebo ya raba ninazovaa sasa. Naomba utunze risiti, shangazi. Ahsante sana."

Tazama alivyompa njia ya pili. Duka likikosa 43, shangazi anajua apande, asishuke. Bila mstari huo mtu mwenye nia njema atachukua 42, kwa sababu imebaki moja na iko kwenye punguzo. Na suala la hela limesemwa wazi. Hakuna kinachochosha ndugu walio nje kama kuachiwa wabahatishe kama ni zawadi au ni agizo.

Lebo ya raba ina kazi yake pia. Shangazi akiikuta chapa ile ile dukani, ana kitu cha kulinganisha na anachokishika mkononi. Lakini hakikisha raba hizo zinakutosha kweli. Mitumba tunaivaa ilivyo; mtu anavaa 43 miaka miwili na mguu wake ni wa 41, kajaza kitambaa mbele.

Hiyo 2E ni nini?

Ni upana, kwa herufi za Marekani. Kiatu cha kiume cha kawaida ni D, kipana ni 2E, kipana zaidi ni 4E. Cha kike cha kawaida ni B, na D yake tayari ni kipana. Kwa hiyo herufi moja ina maana mbili, kama namba.

Miguu mingi iliyokua ikitembea peku ni mipana mbele, na wenye miguu hiyo wamezoea kununua kiatu kirefu ili wapate upana. Wanadhani wao ni 44. Ukipima karatasi unakuta urefu ni wa 42, ila mpana. Ndugu akiweza kupata 42 ya 2E, kiatu kinakunjika pale mguu unapokunjikia. Kwenye 44 nyembamba kinakunjikia mbele ya vidole, na ngozi inapasuka hapo mapema. Mpasuko huo naushona kila wiki.

Upana upime pale palipo panapana zaidi, kwenye mfupa wa chini ya kidole gumba hadi ule wa chini ya kidole kidogo, na uutume pia kwa milimita.

Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji viatu vya shule. Niseme namba 1?

Usiseme 1 peke yake. Uingereza na Marekani namba za watoto zinapanda hadi 13, kisha zinaanza upya: baada ya 13 na nusu inakuja 1. Kwa hiyo kuna 1 mbili. Moja ni ya kichanga asiyetembea, karibu EU 17. Nyingine ni ya mtoto wa shule, karibu EU 33 kwa Uingereza. Nimeviona kwa macho yangu vijiatu vya kichanga, vyeusi, vya kamba, vimetoka Birmingham kwa ajili ya mtoto wa miaka saba. Mama mtu aliviweka juu ya kabati.

Kwenye maduka ya Marekani herufi zinasaidia: 13C ni ya mtoto mdogo, 1Y ni ya mtoto mkubwa zaidi. Lakini kwa mtoto mimi nasema namba ya Ulaya ndiyo salama, kwa sababu inapanda mfululizo kutoka kichanga hadi mtu mzima bila kurudi nyuma. Andika EU, andika milimita, andika umri.

Mtoto anakua wakati kiatu kiko njiani. Wa miaka mitatu hadi mitano mguu unaongezeka karibu milimita moja kwa mwezi. Ukimpima Septemba na kiatu kinakuja Desemba, milimita tatu zimeshakwenda. Pima upya wiki ile ndugu anayokwenda dukani, kisha soli ya ndani izidi mguu kwa milimita 12 hivi. Zaidi ya hapo mtoto atajikwaa.

Namba imefutika kwenye kiatu changu kizuri. Nafanyaje?

Toa soli ya ndani kama inatoka, ipime urefu wake, na uandike wazi: "soli ya ndani ya kiatu kinachonitosha ni milimita 275." Usipime soli ya chini. Ile ya raba inazidi mbele na nyuma, na kila muundo unazidi kwa kiasi chake.

Kiatu kimefika na kinabana. Unaweza kukirefusha?

Urefu, hapana. Ngozi halisi inapanuka kwa upana kidogo nikiiloweka na kuiacha kwenye kalibu siku mbili, na pale mfupa wa mguu ulipotokeza naweza kupasukuma. Raba ya plastiki haiendi nyuma wala mbele, ukiivuta inarudi ilivyokuwa. Buti la mlimani lenye kinga ngumu ya mpira mbele, hapo vidole havipati hata milimita.

Kikizidi kwa nusu namba, nakuwekea soli ya pili ndani kinakaa. Kikizidi kwa namba nzima, soli inajaza chini lakini kisigino kitaendelea kuchomoka.

Ndugu afanye nini kabla hajafunga sanduku?

Watu wanatupa boksi ili kupunguza uzito, na ni sawa, lakini apige kwanza picha ya lebo ya boksi. Mara nyingi hapo US, UK, EU na CM zipo zote pamoja. Akutumie. Wewe ichukue ile CM uilinganishe na karatasi yako. Kisha atoe soli ya ndani, aiweke juu ya rula, apige picha nyingine. Dakika tano tu, na duka bado liko karibu naye na risiti anayo.

Yule shangazi wa Minnesota alifanya hivyo. Picha ya kwanza ilionyesha US 9.5, EU 42.5. Kijana akaona namba ya Marekani imekubali na ya Ulaya imekataa, akaja nayo kibandani jioni ile ile. Soli ya ndani kwenye rula ilisoma 274. Toa 265 unabaki na 9, na soksi nene bado haijaingia. Tukamwandikia arudishe achukue 10. Ya pili ilisoma 278. Buti zilifika Mei, akazivalia soksi zake hapa hapa kwenye benchi langu, akashuka na kupanda ule mtaro wa mbele ya kibanda mara kadhaa, vidole havikugusa.